Kuchambua dodoso la ucheleweshaji wa miradi ya ujenzi na kuandika Sura ya Nne: mwongozo kamili

Rasimu za Sura ya Nne zinazorudishwa na wasimamizi hufanana sana. Mwanafunzi amekusanya madodoso kwa jasho, ameyaingiza kwenye kompyuta, kisha ameweka chati za duara kumi na mbili na chini ya kila moja ameandika kwamba wengi walikubali. Msimamizi anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo nini?" Mwanafunzi anaongeza chati ya kumi na tatu.

Tatizo haliko kwenye hesabu, maana hesabu zinazohitajika hapa ni za kujumlisha na kugawanya. Tatizo ni kuchanganya majibu ya watu wenye masilahi tofauti kwenye kapu moja, halafu kuripoti wastani ambao hakuna kati yao aliyeusema. Nitakuonyesha jinsi ya kuliepuka kwa mfano mmoja, kuanzia dodoso lililojazwa hadi aya iliyoandikwa.

Mfano ni utafiti wa sababu za kuchelewa kwa miradi ya majengo. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya zoezi hili, kwa hiyo usizinukuu popote. Chukua njia, uache namba.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Madodoso yote ya karatasi, kila moja limeandikwa namba juu yake kwa kalamu.
- Excel au programu nyingine ya majedwali. Kwa kazi hii hulazimiki kununua programu ya takwimu.
- Malengo mahsusi ya utafiti kutoka Sura ya Kwanza, yamechapwa kwenye karatasi moja.
- Mwongozo wa uandishi wa tasnifu wa chuo chako, kwa ajili ya mpangilio wa majedwali.
- Daftari la kuandika kila uamuzi unaoufanya kuhusu data. Litakuokoa siku ya utetezi.

Katika mfano wetu, dodoso liliwapa wahojiwa sababu 8 na kuwaomba wapime uzito wa kila moja katika kuchelewesha mradi, kuanzia 1 (haichangii kabisa) hadi 5 (inachangia sana). Madodoso 60 yaligawiwa na 48 yakarudi. Matatu yalikuwa yamejazwa nusu yakatolewa, yakabaki 45: makandarasi 25 na wahandisi washauri 20.

## Hatua ya 1: Ingiza data na uisafishe

Mstari mmoja uwe mhojiwa mmoja. Safu ya A iwe namba ya dodoso, B kundi (M kwa mkandarasi, W kwa mshauri), C miaka ya uzoefu, na D hadi K sababu zako, S1 hadi S8. Mstari wa kwanza ni vichwa, kwa hiyo wahojiwa 45 wanakaa mstari wa 2 hadi wa 46.

Namba ya dodoso ina kazi yake. Ukikuta 55 mahali panapotakiwa 5, unarudi kwenye karatasi yenyewe na kusoma jibu. Bila namba hiyo utabaki unakisia, na kukisia jibu la mhojiwa ni kughushi data hata kama nia yako ni njema.

Swali lililorukwa liache wazi. Usiweke sifuri. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi bila mwenyewe kujua, kwa sababu kompyuta huihesabu sifuri kama jibu. Kipimo chako kinaanzia 1, na hakuna mhojiwa aliyesema sifuri.

Kagua pia mwelekeo wa kipimo. Kama ukurasa wa kwanza wa dodoso ulisema 5 ni "sana" na wa pili ukasema 1 ndiyo "sana", geuza majibu ya ukurasa mmoja kabla ya hesabu yoyote. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, jibu jipya ni 6 ukitoa jibu la zamani.

Utajua umefaulu ukiona thamani ndogo kabisa katika D hadi K ni 1, kubwa kabisa ni 5, na idadi ya mistari ni sawa na idadi ya karatasi zilizoko mezani.

## Hatua ya 2: Eleza waliojibu, kwa ufupi

Hapa unahitaji aya moja na jedwali moja. Taja yaliyogawiwa (60), yaliyorudi (48, yaani asilimia 80), yaliyotumika (45, yaani asilimia 75), na sababu ya kuyatoa yale matatu. Kisha onyesha makundi na uzoefu wao.

Usitumie kurasa sita kwa jinsia, umri na hali ya ndoa ya wahojiwa kama hakuna lengo lako linalogusa mambo hayo. Kila jedwali lisilojibu lengo linakula nafasi ya jedwali linalojibu.

## Hatua ya 3: Hesabu marudio kwanza

Kabla ya kielezo chochote, hesabu ni wangapi walitoa kila alama. Kwa S1, kuchelewa kwa malipo kutoka kwa mwajiri, waliotoa alama 5 wanapatikana hivi:

```
=COUNTIF(D$2:D$46,5)
```

Badili 5 iwe 4, 3, 2 na 1. Kama Excel yako imepangwa kwa Kifaransa, kama ilivyo kwa wasomaji wengi wa Bukavu na Bujumbura, `COUNTIF` inaitwa `NB.SI`, na mahali pa mkato unaweka nukta mkato.

Katika mfano wetu, S1 ilipata alama 5 kutoka kwa watu 22, alama 4 kutoka kwa 14, alama 3 kutoka kwa 5, alama 2 kutoka kwa 3, na alama 1 kutoka kwa mtu 1. Jumla ni 45. Isipofika 45, kuna jibu lililorukwa au lililokosewa, na unapaswa kulijua sasa kabla hujaenda mbele.

## Hatua ya 4: Tafuta kielezo cha umuhimu

Katika tafiti za ucheleweshaji wa ujenzi, kipimo kilichozoeleka ni kielezo cha umuhimu linganishi, ambacho kwenye majarida utakikuta kwa herufi RII. Unajumlisha alama zote za sababu moja, kisha unagawanya kwa alama ambazo zingepatikana kama kila mhojiwa angetoa 5.

```
RII = jumla ya alama / (5 × idadi ya waliojibu)
```

Kwa S1: (22×5) + (14×4) + (5×3) + (3×2) + (1×1) = 188. Kiwango cha juu kabisa ni 5 × 45 = 225. Kwa hiyo 188 / 225 = 0.836.

Katika Excel:

```
=SUM(D$2:D$46)/(5*COUNT(D$2:D$46))
```

Tumia `COUNT`, usiandike 45 kwa mkono. `COUNT` inaruka nafasi zilizo wazi. Tuseme watu wawili walilikwepa swali na jumla ikawa 180. Ukigawa kwa waliojibu, yaani 5 × 43 = 215, unapata 0.837. Ukigawa kwa 225 unapata 0.800, na sababu yako imeporomoka kwa sababu ya watu ambao hawakusema lolote.

Mambo mawili hueleweka vibaya hapa. La kwanza, kielezo hiki hakianzii sifuri. Kila mtu akitoa alama 1, unapata 0.2, na kila mtu akitoa 3 unapata 0.6. Kwa hiyo 0.6 ndiyo katikati ya kipimo. Sababu yenye 0.613 imekaa karibu na katikati, haina nguvu kama macho yanavyodhani.

La pili, 0.836 si asilimia ya watu. Usiandike kwamba "asilimia 83.6 ya wahojiwa walisema malipo huchelewa". Ukitaka asilimia ya watu, rudi kwenye marudio: 36 kati ya 45 walitoa alama 4 au 5, yaani asilimia 80.

## Hatua ya 5: Tenganisha makundi

Hapa ndipo kazi nzuri na kazi ya kawaida zinapoachana. Rudia hesabu ya kielezo kwa makandarasi peke yao, kisha kwa washauri peke yao:

```
=SUMIF($B$2:$B$46,"M",D$2:D$46)/(5*COUNTIFS($B$2:$B$46,"M",D$2:D$46,">0"))
```

Kwa washauri, weka "W" mahali pa "M". Alama za makandarasi kwa S1 zilijumlika 112 kati ya 125, na za washauri 76 kati ya 100. Jumlisha 112 na 76 upate 188, ileile ya Hatua ya 4. Fanya ukaguzi huu kwa kila sababu. Jumla zisipolingana, kuna mstari ambao haukuandikiwa kundi, au herufi M ina nafasi tupu mbele yake.

Kisha panga nafasi. Kama vielezo vya kundi viko N2 hadi N9:

```
=RANK.AVG(N2,N$2:N$9,0)
```

`RANK.AVG` huzipa sababu zilizofungana wastani wa nafasi zao, na hilo litahitajika katika Hatua ya 6. Haya ndiyo matokeo:

| Sababu | Wote | Nafasi | Makandarasi | Nafasi | Washauri | Nafasi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| S1 Malipo ya mwajiri kuchelewa | 0.836 | 1 | 0.896 | 1 | 0.760 | 3 |
| S2 Mabadiliko ya kazi katikati ya mradi | 0.791 | 2 | 0.848 | 2 | 0.720 | 5 |
| S4 Mkandarasi kupungukiwa mtaji | 0.782 | 3 | 0.720 | 5 | 0.860 | 2 |
| S6 Vifaa kuchelewa kufika | 0.751 | 4 | 0.760 | 4 | 0.740 | 4 |
| S5 Mipango duni ya mkandarasi | 0.738 | 5 | 0.624 | 7 | 0.880 | 1 |
| S3 Michoro kuchelewa kutolewa | 0.729 | 6 | 0.816 | 3 | 0.620 | 7 |
| S8 Uhaba wa mafundi stadi | 0.618 | 7 | 0.584 | 8 | 0.660 | 6 |
| S7 Mvua | 0.613 | 8 | 0.672 | 6 | 0.540 | 8 |

Tazama S5. Kwa wote pamoja ni ya 5, sababu ya katikati ambayo mwanafunzi angeipita kwa sentensi moja. Lakini kwa washauri ni ya 1, na kwa makandarasi ni ya 7. Hakuna kundi lililoiweka nafasi ya 5. Nafasi hiyo imezaliwa na kuchanganya.

Kuna jambo jingine. Makandarasi ni 25 na washauri ni 20, kwa hiyo safu ya "Wote" inaelemea upande wa makandarasi. Ungewapata washauri 40, mpangilio wa jumla ungebadilika hata kama kila mtu angetoa majibu yaleyale. Ndiyo maana safu hiyo haifai kubeba hitimisho lako peke yake.

Mwisho, tazama S8 na S7. Kielezo ni 0.618 na 0.613, yaani alama 139 na 138 kati ya 225. Mshauri mmoja angetoa alama moja zaidi kwa mvua, zingefungana. Usijenge hoja kwamba uhaba wa mafundi ni tatizo kubwa kuliko mvua kwa tofauti ya alama moja. Andika kwamba zote mbili zilishika mkia, zikiwa karibu sawa.

## Hatua ya 6: Pima kama makundi yanakubaliana

Jicho limekwisha ona kwamba makundi yanapishana. Sasa lipe jambo hilo namba, kwa uwiano wa nafasi wa Spearman. Kwa kila sababu, toa nafasi ya washauri kutoka nafasi ya makandarasi (d), kisha izidishe tofauti hiyo kwa yenyewe.

```
rs = 1 - (6 × jumla ya d²) / (n × (n² - 1))
```

Kwa mpangilio wa S1 hadi S8, d² zetu ni 4, 9, 16, 9, 36, 0, 4 na 4. Jumla ni 82. Kabla ya kuzidisha, hakikisha d zenyewe zikijumlishwa zinatoa sifuri. Zisipotoa, umekosea kupanga nafasi.

n ni 8, yaani idadi ya sababu. Wengi huweka 45, idadi ya wahojiwa, na kupata jibu linalokaribia 1, kisha wanasherehekea makubaliano ambayo hayapo. Kwetu: 6 × 82 = 492, na 8 × 63 = 504. Kwa hiyo rs = 1 − 0.976 = 0.024.

Excel itakupa jibu hilohilo ukiilisha safu mbili za nafasi, na ni salama zaidi pale penye nafasi zilizofungana:

```
=CORREL(P2:P9,Q2:Q9)
```

Kipimo hiki huenda kutoka −1 (mpangilio umegeuzwa kabisa) hadi 1 (mpangilio ni mmoja). Kwa vitu 8, kwenye kiwango cha asilimia 5 kwa mikia miwili, rs inapaswa kufika angalau 0.738 ndipo useme kuna uwiano usioelezeka kwa bahati tu. Yetu ni 0.024, karibu sifuri.

Hapo chunga kalamu. Huwezi kuandika kwamba umethibitisha makundi hayakubaliani. Unachoweza kuandika ni kwamba hakuna ushahidi wa makubaliano katika mpangilio wao. Sababu 8 ni chache, na kwa idadi hiyo hata makubaliano ya wastani yanaweza kushindwa kufika 0.738.

## Hatua ya 7: Andika matokeo

Panga sura kwa malengo yako. Mpangilio wa maswali ya dodoso hauna kazi tena, na kila lengo liwe kichwa kidogo. Lengo la kubaini sababu kuu linapata jedwali hapo juu na aya zake. Jedwali lina namba na kichwa juu yake, na chini yake "Chanzo: Data za uwandani" pamoja na mwaka.

Aya inayorudishwa na msimamizi huwa hivi: "Jedwali linaonyesha kwamba S1 ina 0.836, S2 ina 0.791, S4 ina 0.782..." Msomaji ana macho, amekwisha liona jedwali. Aya inayopita huchagua cha kusema:

> Kwa wahojiwa wote, kuchelewa kwa malipo ya mwajiri ndiko kulikopewa uzito mkubwa zaidi (RII = 0.836), na wahojiwa 36 kati ya 45 waliipa sababu hiyo alama 4 au 5. Hata hivyo, mpangilio ulitofautiana kati ya makundi. Makandarasi waliweka malipo nafasi ya kwanza (0.896), ilhali washauri waliweka mipango duni ya mkandarasi (0.880), sababu ambayo makandarasi waliipa nafasi ya saba (0.624). Uwiano wa nafasi kati ya makundi ulikuwa karibu na sifuri (rs = 0.024, n = 8) na haukufikia kiwango cha 0.738 kinachohitajika, hivyo hapakuwa na ushahidi kwamba makundi yanakubaliana kuhusu uzito wa sababu hizi.

Namba zote zina desimali tatu, kitenzi kiko wakati uliopita, na hakuna maelezo ya "kwa nini". Hayo yana mahali pake.

## Hatua ya 8: Jadili, bila kuvuka mpaka wa data

Kwenye mjadala, soma jedwali ukijiuliza kila sababu iko mikononi mwa nani. Malipo yako kwa mwajiri, na michoro iko kwa washauri. Hizo makandarasi wamezipandisha hadi nafasi ya 1 na ya 3. Mtaji na mipango ya kazi viko kwa mkandarasi mwenyewe, na hivyo ndivyo washauri wamevipandisha. Vifaa, ambavyo lawama yake haimwangukii mmoja moja kwa moja, vimepata nafasi ya 4 kwa wote wawili. Kila upande umetaja kwa nguvu lililoko upande wa pili. Hayo ndiyo matokeo makubwa ya utafiti huu, na ungeyakosa kabisa ungebaki na safu ya "Wote".

Kwa hiyo sema wazi kwamba dodoso limepima maoni kuhusu sababu. Sentensi kama "malipo husababisha asilimia 83.6 ya ucheleweshaji" haina msingi wowote katika data hii. Ukitaka kukaribia sababu zenyewe, chukua miradi miwili au mitatu na ulinganishe tarehe ya kila cheti cha malipo na tarehe fedha zilipoingia, pamoja na barua za mkandarasi za kuomba kuongezewa muda. Hata mradi mmoja ulioangaliwa hivyo unaupa mjadala uzito.

Linganisha na tafiti nyingine, lakini angalia nani alihojiwa. Assaf na Al-Hejji, waliochunguza miradi mikubwa ya ujenzi Saudia na kuchapisha mwaka 2006, waliorodhesha sababu 73. Mabadiliko ya kazi yaliyoagizwa katikati ya mradi ndiyo yaliyotajwa na pande zote tatu: waajiri, makandarasi na washauri. Sambasivan na Soon, kwa Malesia mwaka 2007, waliweka mipango duni ya mkandarasi juu kabisa. Katika mfano wetu, wa kwanza wanakaribia makandarasi wetu, walioyapa mabadiliko nafasi ya 2, na wa pili wanafanana na washauri wetu. Usiandike tu kwamba matokeo "yanaendana na tafiti zilizopita". Taja utafiti upi unaendana na kundi lipi, na kama wahojiwa wake walifanana na wako.

Taja pia mapungufu palepale mjadala ulipo: waajiri hawakuhojiwa katika mfano huu, ingawa sababu ya kwanza inawahusu wao. Msahihishaji atauliza swali hilo mapema sana.

## Kabla ya kuwasilisha

Chapisha sura, chukua kalamu, na uzungushie duara kila namba iliyoko kwenye aya. Itafute namba hiyo kwenye jedwali, kisha kwenye ikisiri na Sura ya Tano. Namba huachana hasa pale mwanafunzi alipogundua dodoso bovu mwishoni, akalitoa, jedwali likawa la watu 45 na ikisiri ikabaki inasema 46.